Unaachia nini ili upate nini: kuandika na kupanga tunu zako kabla hujakubali kazi

"Shikamoo mjomba. Nimepata kazi Dar, niende?"

Swali hili naulizwa tangu nilipoanza kazi ya utumishi hapa Tanga, na miaka hii linakuja kwa sura nyingi. Niende kwenye mradi wa bomba kule Chongoleani wakati mkataba wenyewe ni wa miezi minane? Niache duka la baba Ngamiani nikapangiwe halmashauri ambayo hata sijawahi kuifika? Anayeuliza hutaka ndiyo au hapana. Siwezi kumpa, kwa sababu sijui yuko tayari kuachia nini, na mara nyingi hata yeye bado hajui.

Kwa hiyo nimeandika hapa njia ile ile ninayowapitisha vijana wanapokuja barazani kwangu. Ninaposema tunu namaanisha jambo ambalo ukilikosa unaumia hata kama mshahara umeingia. Nadharia inaishia hapo.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, wa mpwa wangu, ambaye amekubali nimsimulie bila kumtaja jina. Ni mhasibu, anaishi Makorora kwenye nyumba ya mama yake, na mama ana kisukari. Alikuwa kwenye ajira ya kudumu hapa mjini, mkononi akipokea shilingi 620,000 kwa mwezi. Ikaja ofa ya Dar es Salaam, kilomita kama 350 kutoka hapa, ya shilingi 1,100,000 mkononi, mkataba wa miaka 2. Alipewa siku kumi za kujibu.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari na kalamu. Usifanye kwenye simu. Utahitaji kuona ukurasa mzima kwa pamoja, na ujumbe ukiingia katikati utapoteza uzi.
- Barua ya ofa, pamoja na hati yako ya mshahara wa sasa. Kama ofa imetolewa kwa mdomo tu, omba iandikwe kwanza.
- Matumizi yako halisi ya mwezi mmoja uliopita. Pitia ujumbe wa miamala ya simu, usikisie.
- Vikao viwili vya saa mbili mbili, siku tofauti.
- Mtu mmoja wa kukuuliza maswali, ambaye hafaidiki wala hapati hasara kwa jibu lako. Mama anayetegemea pesa yako hafai kwa kazi hii, hata akiwa mwenye hekima kuliko wote. Wala rafiki ambaye tayari yuko Dar na anatafuta wa kuchangia naye pango.

Hatua ya 1: Andika matukio, usianze na maneno

Kosa la kwanza, na karibu kila mtu hulifanya, ni kuanza kwa kuorodhesha maneno mazuri. Mpwa wangu alikuja na orodha tayari: Mungu, familia, afya, uaminifu, mafanikio. Nikamuuliza, "Kati ya hizi tano, ipi inaitofautisha kazi ya Dar na ya hapa?" Akaitazama, akanyamaza. Hakuna hata moja. Orodha ya namna hiyo ingeweza kuandikwa na mtu yeyote Tanga nzima, kwa hiyo haiwezi kukusaidia kuchagua.

Badala yake andika matukio sita ya kweli. Matatu yawe ya siku ulizorudi nyumbani umeridhika, na matatu ya siku ulizokasirika au uliwaza kuacha kazi. Kila tukio liwe na siku, mahali na kilichotokea. Hasira husema kweli kuliko furaha, kwa hiyo usiyaruke yale matatu ya pili.

Haya ni mawili kati ya ya kwake. La furaha: alipata kosa kwenye daftari la stoo ambalo wakubwa wake walikuwa wamelipita, na akaachiwa alieleze mwenyewe mbele ya wakaguzi. La hasira: aliomba ruhusa ya kumpeleka mama kliniki Bombo, msimamizi akamjibu mbele ya watu kwamba "kila mtu ana mama". Sasa hapo kuna vitu vya kushika. La kwanza linahusu kukomaa katika kazi. La pili lina mambo mawili, mama na namna ya kusemeshwa, na ni vizuri kuyatenganisha mapema.

Hatua ya 2: Geuza kila tukio kuwa sentensi inayopimika

Toa tunu moja au mbili kwenye kila tukio, kisha ziandike kama sentensi ambayo mtu mwingine angeweza kuikagua. "Familia" haikaguliki. "Mama akiugua usiku niwe nimefika kwake ndani ya saa moja" inakagulika.

Punguza hadi ubaki na sita. Zikizidi nane utachoka katikati ya hatua ya 4 na utaanza kujaza tu. Za mpwa wangu zilikuwa hizi:

- Mama: nifike kwake ndani ya saa moja akizidiwa.
- Kukomaa: nimalize mitihani ya bodi ya uhasibu, NBAA, nipate CPA.
- Pesa: kinachobaki mwisho wa mwezi.
- Uhakika: nisihofie kwamba ajira inaisha tarehe fulani.
- Jioni: niwe nyumbani kabla ya giza.
- Heshima: nikikosea niambiwe faraghani.

Hatua ya 3: Tenga mipaka

Kuna mambo ambayo hayabadilishwi kwa kitu chochote, na hayo hayapangwi kwenye orodha. Yanakaa juu ya ukurasa, chini yake unapiga mstari. Kijana mmoja wa Usagara aliandika kwamba hatafanya kazi ya kuuza mikopo ya riba. Hilo hatukulipa nafasi ya kwanza wala ya pili. Ofa ikivuka mstari huo inatoka, na hesabu haifanyiki.

Tahadhari: mipaka isizidi mitatu. Ukiwa na minane, basi sita kati yake ni tunu zinazoogopa kushindanishwa. Jaribio lake ni rahisi: taja kiasi kikubwa cha pesa, kama mara tano ya mshahara wako. Ukianza kufikiri, huo si mpaka, urudishe kwenye orodha. Mpwa wangu mwanzoni alitaka kumweka mama juu ya mstari. Nikamwuliza juu ya mara tano ya mshahara. Akasema, "Kwa hiyo ningemwekea muuguzi nyumbani, na ndugu yangu angekaa naye." Mama akarudi chini ya mstari, na hakuna dhambi yoyote katika hilo.

Hatua ya 4: Shindanisha mbili mbili

Usijaribu kupanga sita kwa mkupuo. Akili hulinganisha vitu viwili vizuri, sita haiwezi. Chukua tunu ya kwanza uishindanishe na kila iliyo chini yake, kisha ya pili na zilizo chini yake, hadi mwisho. Tunu sita hutoa mapambano 15. Kila pambano swali ni moja: "Kama ningelazimika kuikosa moja kati ya hizi mbili kwa miaka 2 ijayo, ningevumilia kuikosa ipi?" Ile usiyovumilia kuikosa inapata alama moja. Hakuna sare. Jibu haraka, na mwenzako ndiye aandike alama ili usiwe unachungulia nani anaongoza.

Mwisho jumlisha. Alama zote lazima ziwe 15. Zikiwa pungufu kuna pambano mmeruka.

Kwake zilitoka hivi: mama 4, kukomaa 4, pesa 4, uhakika 2, jioni 1, heshima 0. Tatu zimefungana juu. Watu wengi hapa hukata tamaa na kusema njia haifanyi kazi. Kumbe mfungano wa namna hii una habari ndani yake. Rudi kwenye mapambano ya hizo tatu peke yake. Mama alikuwa ameshinda kukomaa, kukomaa kumeshinda pesa, na pesa imeshinda mama. Ni mduara, na mduara karibu kila mara unamaanisha kwamba neno moja limetumika kwa maana mbili.

Nikamuuliza, "Uliposema pesa imemshinda mama, uliwaza nini?" Akajibu bila kusita, "Dawa zake, mjomba. Bila pesa nitakaa naye nikimtazama tu." Basi ile haikuwa pesa ya kubaki mwisho wa mwezi, ilikuwa huduma ya mama iliyovaa jina la pesa. Tukaandika upya: pesa ni kinachobaki baada ya dawa za mama kulipwa. Tukarudia mapambano ya pesa tu. Sasa mama 5, kukomaa 4, pesa 3, uhakika 2, jioni 1, heshima 0. Mduara umekatika.

Kumbuka: sifuri ya heshima haisemi kwamba anapenda kutukanwa. Inasema kwamba kati ya sita hizi ndiyo atakayoiachia mapema.

Funga daftari hapa. Lala nayo angalau usiku mmoja.

Hatua ya 5: Tafuta kiasi halisi cha tofauti

Hapa ndipo panapotenganisha orodha ya kubandika ukutani na orodha ya kuamulia. Mpangilio wa hatua ya 4 peke yake haukuambii uchukue kazi ipi. Mama amekuwa wa kwanza na pesa ya tatu, sawa. Lakini je, ungeacha shilingi milioni tano kwa mwezi ili uwe karibu na mama kwa dakika kumi zaidi? Hapana. Ungeacha shilingi elfu kumi ili usiwe mbali naye kwa kilomita 350? Ndiyo, bila kufikiri. Tunu ni zile zile, na majibu yamepishana kwa sababu kiasi kimebadilika. Hupimi pesa dhidi ya mama. Unapima kiasi hiki cha pesa dhidi ya umbali huu kutoka kwa mama.

Kwa hiyo chora safu mbili, Tanga na Dar, na mbele ya kila tunu andika kila kazi inatoa kiasi gani hasa.

Anza na pesa, maana ndiyo hudanganya zaidi. Kwa kutazama tu, tofauti ni shilingi 480,000. Tukaanza kutoa. Pango la chumba na sebule shilingi 150,000, na mwenye nyumba alitaka ya miezi sita kwa mkupuo. Nauli, ukiondoa ile ya bodaboda aliyokuwa akitumia hapa, inaongezeka 45,000. Chakula kinaongezeka 150,000, kwa sababu mchango wa nyumbani Makorora hausimami eti kwa kuwa yeye hayupo mezani. Umeme na maji 30,000. Safari ya kuja kumwona mama kila baada ya miezi miwili, ukiigawa kwa mwezi, 25,000. Jumla 400,000. Tofauti iliyobaki ni shilingi 80,000. Aliitazama ile namba muda mrefu.

Tahadhari mbili juu ya mshahara. Ya kwanza, linganisha kinachoingia mkononi kwa pande zote mbili, usilinganishe mkononi wa hapa na mshahara ghafi wa kule. Makato ya kodi, mfuko wa jamii na, kwa aliyesomeshwa na Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yanaweza kuimeza tofauti yote. Ya pili, gharama ya kuhamia, yaani pango la miezi sita, kitanda na jiko, iandike peke yake. Usiichanganye na ya kila mwezi, lakini jua utaitoa wapi.

Kwa tunu nyingine, uliza mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka, kwa hiyo swali la "mnatoa likizo?" halikupi habari mpya. Uliza hivi: "Mtu aliyekuwa kwenye nafasi hii kabla yangu alikuwa akitoka saa ngapi mwisho wa mwezi, wakati wa kufunga hesabu?" Kama unaweza kumpata mtu huyo mwenyewe, ni bora zaidi.

Mpwa wangu alimpata. Aliambiwa kwamba wiki ya kufunga hesabu watu hutoka saa mbili usiku. Na hapo tukagundua jambo lingine. Kazi ya Dar ilikuwa na wahasibu watatu wenye CPA wa kumwelekeza, na ingemlipia ada ya mitihani. Kwa hesabu yake angemaliza kwa miaka 2, wakati hapa angehitaji 4. Lakini angesoma saa ngapi akifika nyumbani usiku? Ile tunu ya jioni, ambayo ilipata alama moja tu, ndiyo iliyokuwa inalisha tunu ya kukomaa. Tukaandika miaka 3 kwa Dar. Kila unapojaza safu hizi, jiulize kama mstari mmoja haukati mguu wa mstari mwingine.

Hatua ya 6: Futa zinazolingana

Sasa una faida za kila upande. Za Dar: shilingi 80,000, na CPA mwaka mmoja mapema. Za Tanga: mama, ajira ya kudumu, na jioni. Heshima hatukuweza kuipima kwa Dar, tukaiacha.

Tafuta faida ya upande mmoja ambayo kwako ni sawa na faida ya upande wa pili, uzifute zote mbili. Njia hii ina miaka mingi. Mwaka 1772 mwanasayansi Mwingereza, Joseph Priestley, alikuwa ameitiwa kazi kwa tajiri mmoja na hajui aikubali au aikatae, akamwomba ushauri Benjamin Franklin. Franklin alikataa kumwamulia. Alimwandikia namna ya kupiga mstari katikati ya karatasi, kuandika sababu za kila upande kwa siku tatu nne, kisha kufuta zile zenye uzito sawa hadi ionekane upande gani umebaki na kitu.

Mpwa wangu alifuta shilingi 80,000 dhidi ya ajira ya kudumu. Alisema kukaa bila hofu ya mkataba kuisha kwake ni sawa na hizo elfu themanini, pengine na zaidi kidogo. Wewe unaweza kusema ni elfu ishirini. Kalamu ni yako.

Pakabaki mama na jioni upande mmoja, CPA mwaka mmoja mapema upande wa pili.

Hatua ya 7: Tafuta bei ya kuvunjikia

Hatua hii ifanywe na yule mwenzako, kwa sauti. Anakuuliza kiasi kinachopanda pole pole, nawe unajibu "nabaki" au "naenda". Anatafuta mahali jibu linapogeuka.

Tulikaa barazani baada ya alasiri, kahawa imekwisha kupoa. Nikamuuliza, "Dar inakuzidishia elfu themanini kila mwezi. Unabaki au unaenda?"

"Nabaki."

"Laki mbili?"

"Nabaki, mjomba."

"Laki tatu na nusu?"

Akakisukuma kikombe mbele, akakivuta nyuma. "Hapo naenda. Hapo nitaweza kumlipa mtu wa kulala naye."

"Laki mbili na nusu?"

Kimya. Nikaandika: bei ya kukaa na mama ni kati ya laki mbili na laki tatu na nusu kwa mwezi, na jibu lake likisita hapo katikati ni sawa, maana hakuna mtu mwenye bei kamili hadi shilingi ya mwisho.

Tukafanya hivyo hivyo kwa mitihani. Ukibaki Tanga CPA ikachelewa mwaka mmoja? Nabaki. Miaka miwili? Nabaki. Mitatu? "Hapana. Nitakuwa nimezeeka kwenye dawati lile lile."

Sasa andika bei zako kama sentensi kamili: "Niko tayari kuachia hadi shilingi 200,000 kwa mwezi, na kuchelewa hadi miaka 2 kupata CPA, ili niwe karibu na mama." Hiyo ndiyo sentensi uliyokuwa unaitafuta. Ofa ya Dar ilikuwa ndani ya mipaka hiyo, kwa hiyo jibu lilikuwa kubaki. Na sentensi hiyo itakufaa kwa ofa ya mwakani pia, hata ikiwa ya Arusha au Mtwara.

Tahadhari: anayeuliza asitikise kichwa wala asitabasamu jibu likimpendeza. Mara mbili nimeharibu zoezi zuri kwa kusema "ahaa" mahali pasipotakiwa, na mtu akaanza kunijibu mimi badala ya kujijibu yeye.

Hatua ya 8: Kabla ya kujibu, omba kile kinachokosekana

Orodha yako imeshaonyesha upande unaouchagua umepungukiwa wapi. Nenda kaombe hicho kimoja. Mpwa wangu hakuenda kwa bosi wake na tishio la ofa ya Dar. Alikwenda na ombi la mambo mawili: siku za ruhusa wakati wa mitihani, na kampuni imlipie ada. Alipewa ruhusa, ada alinyimwa. Kwa ruhusa hiyo pekee, makadirio yake ya miaka 4 yalishuka.

Usiombe mambo sita. Omba yale tu yanayogusa tunu mbili za juu, kwa sababu ukipewa la chini mwajiri atahesabu kwamba ameshakutimizia.

Ukikwama

*Mapambano karibu yote unaona ni sare.* Tunu zako ni pana mno. Rudi hatua ya 2 na uongeze kiasi, mahali au saa kwenye kila sentensi.

*Jibu limetoka, lakini moyo umekataa.* Usibadilishe alama ili zikupendeze. Kuna tunu haijaandikwa. Jiulize: "Kama jibu lingekuwa la upande wa pili, ningefurahia nini kwanza?" Binti mmoja wa Pangani alijibu kwamba angefurahi kutoulizwa kila jioni ametoka wapi. Kujitawala hakukuwa kwenye orodha yake hata kidogo. Iongeze, uishindanishe na zilizopo, halafu endelea kuanzia hatua ya 5. Zile za zamani usizirudie.

*Wazazi wana orodha yao.* Usibishane nao juu ya maneno. Waulize kiasi: "Mnahitaji nitume shilingi ngapi kila mwezi?" na "Mngependa nije mara ngapi kwa mwaka?" Mara nyingi kiasi wanachotaja ni kidogo kuliko ulichokuwa unakiogopa. Kiandike kwenye safu kama gharama nyingine, na uongee nao kabla ya kujibu ofa, kwa adabu na kwa namba mkononi.

*Mwajiri anataka jibu kesho.* Omba siku tatu kwanza. Anayekataa siku tatu amekupa habari juu yake. Akikataa kabisa, fanya fupi: mipaka, tunu tatu tu, ambazo ni mapambano matatu, hesabu ya pesa inayobaki, na swali la bei kwa tunu ya kwanza. Nusu saa inatosha kuepuka kosa kubwa, haitoshi kuchagua kati ya ofa mbili zinazokaribiana.

*Huna kazi kabisa, kwa hiyo huna cha kulinganisha.* Linganisha na hali yako ya sasa nyumbani, na uifanyie hesabu kama kazi nyingine, hata kama mapato yake ni sifuri. Usishangae pesa ikishinda kila pambano. Itaendelea kushinda hadi kiasi fulani, kisha itaanza kushindwa. Kazi yako ni kukitafuta kiasi hicho kwa maswali ya hatua ya 7. Chini yake chukua kibarua chochote kisichovuka mipaka yako, na juu yake anza kuchagua.

*Kazi ni ya mradi na mkataba ni mfupi.* Usigawe mapato kwa miezi ya mkataba. Yagawe kwa miezi ya mkataba pamoja na miezi utakayokaa bila kazi baadaye. Miezi 8 ya shilingi 900,000, ikifuatiwa na miezi 4 ya kutafuta, ni shilingi 600,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo namba ya kuingiza kwenye safu.

Lini uifungue tena

Andika tarehe kwenye ukurasa, na chini yake matukio yatakayokufanya uirudie hata kabla ya mwaka kuisha. Mpwa wangu aliandika matatu: hali ya mama ikibadilika, ndugu yake mdogo akirudi kutoka chuo na kuishi nyumbani, na matokeo ya mitihani yakitoka. La pili limeshatokea. Wiki iliyopita alikuja na daftari lile lile, akanikabidhi kalamu, akasema tuanzie hatua ya 7, kwa sababu bei ya mama imeshuka.